Kuchora seli ya mmea na ya mnyama: anza na kitunguu chekundu na maji ya chumvi

Mchoro wa seli ya mmea na seli ya mnyama unaobandikwa kwenye kuta za madarasa, na ambao kila mwanafunzi huunakili daftarini, una jambo moja ambalo mara nyingi halisemwi: hakuna seli hata moja inayofanana nao. Seli ya mmea katika mchoro huo imepewa umbo la ngozi ya kitunguu, kloroplasti za jani, na mitokondria zenye mikunjo ya ndani ambayo huonekana kwa hadubini ya elektroni peke yake. Seli ya mnyama nayo imekusanywa kutoka kwenye ini, kongosho na shavu, ikawekwa ndani ya duara moja. Ni mchoro wa muhtasari, na kwa kazi ya muhtasari unafaa. Tatizo linaanza pale mwanafunzi anapoukariri akidhani ni picha. Akifika kwenye hadubini anatafuta vitu ambavyo havipo, na vilivyopo anashindwa kuvitambua.

Dawa yake ni kugeuza mpangilio. Anza na seli halisi, chora unachokiona, kisha ongeza yale yasiyoonekana huku ukijua kwamba unayaongeza. Kwa aliyeko Dar es Salaam, seli nzuri ya kuanzia ipo kwenye kila genge la mboga: kitunguu maji chekundu. Maelekezo mengi hutaka kitunguu cheupe kilichotiwa ayodini. Hicho kinaonyesha kiini vizuri, lakini vakuoli, ule mfuko wa maji ambao ndio sehemu kubwa kuliko zote, hubaki haionekani. Kitunguu chekundu kina rangi yake mwenyewe, na rangi hiyo imeyeyuka ndani ya vakuoli. Kwa hiyo unaiona vakuoli kwa macho bila kuongeza dawa yoyote.

Kata kitunguu vipande vinne, ondoa maganda makavu, uchukue tabaka la kwanza lenye maji. Rangi ya zambarau iko upande wake wa nje. Upande wa ndani una ngozi nyembamba isiyo na rangi ambayo hutoka kirahisi, na ndiyo maana wengi huishia kuitumia hiyo. Kwa kazi hii tunataka ya nje. Chora kwa wembe mraba wa milimita 5 hivi juu ya sehemu iliyokolea rangi, bila kuzamisha wembe, kisha inua kona moja kwa kibanio na uvute polepole kwa mlalo, si kwenda juu. Ukivuta kwenda juu utatoka na nyama ya chini, na kipande kikiwa na tabaka mbili au tatu za seli utaona ukungu na mistari inayopishana tu. Kipande kizuri ni kile ambacho maandishi ya kitabu yanasomeka ukikiweka juu yake.

Tangulia kuweka tone la maji kwenye slaidi, halafu kipande, ukinyoosha mikunjo kwa ncha ya sindano. Kioo chembamba cha kufunikia kiegemeze upande mmoja kwanza, kisha kishushe taratibu ili hewa itoke. Hewa ikibaki, utaona viduara vyenye ukingo mnene mweusi na katikati yenye mwanga mkali. Viduara hivyo ndivyo vinavyochorwa na kuandikwa “kiini” mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Namna ya kuvitambua ni kwamba ni duara kamili, havina ukubwa mmoja, na vinapita juu ya mipaka ya seli bila kuijali.

Ukiangalia kwa ukuzaji wa mara 100 utaona seli ndefu zilizopangana kwa safu, hazina nafasi kati yake, na nyingi zimejaa zambarau karibu pembe hadi pembe. Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Rangi hiyo yote ni vakuoli. Saitoplazimu, ule ute ulio kati ya utando na vakuoli, ambao kwenye michoro hupewa nusu ya seli, hapa ni tabaka jembamba lililobanwa kati ya vakuoli na ukuta, kiasi kwamba huioni. Na mpaka kati ya seli na seli unauona kama mstari mmoja tu. Ndani ya mstari huo kuna ukuta wa seli hii, ukuta wa jirani yake, na utando wa kila upande, vyote vimegandamana. Mwanafunzi anaambiwa kwamba ukuta na utando ni vitu viwili, lakini jicho lake linamwambia ni kimoja. Anachokariri na anachokiona vinagombana, naye hana njia ya kuamua.

Maji ya chumvi ndiyo yanayoamua. Yeyusha gramu 5 za chumvi ya kawaida kwenye mililita 100 za maji. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 6 hivi, kwa hiyo kisijae kabisa. Hata maji ya bahari yanafaa, kwa kuwa yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Yachote Kigamboni au Coco Beach, mbali na mdomo wa Mto Msimbazi ambako maji baridi huyazimua, uyachuje kwa kitambaa kuondoa mchanga. Weka matone mawili kwenye ukingo mmoja wa kile kioo cha kufunikia, na upande wa pili gusisha kipande cha tishu. Tishu itanyonya maji ya kawaida, na ya chumvi yataingia kuchukua nafasi yake. Usiondoe slaidi kwenye hadubini. Endelea kuangalia.

Ndani ya dakika moja au mbili rangi huanza kuachana na pembe za seli. Kwanza pembe moja, kisha nyingine, halafu ukingo wote unarudi ndani. Kadiri eneo la rangi linavyopungua, rangi inazidi kukolea, kwa sababu kinachotoka ni maji tu na rangi inabaki. Baada ya dakika tano hadi kumi, seli nyingi zina bonge la zambarau lenye kingo za mviringo, limesimama ndani ya boksi lisilobadilika umbo. Boksi hilo ndilo ukuta wa seli. Ukingo wa bonge ni utando wa seli ukiwa umebeba saitoplazimu yake nyembamba. Na pale rangi inapoanzia ndani ya ukingo huo, ndipo ulipo utando wa vakuoli. Mistari mitatu ambayo kwenye slaidi ya kwanza ilikuwa mmoja, sasa imeachana.

Fikiria gurudumu la baiskeli: tairi ni ukuta, tyubu ni utando, na upepo uliojaa ndani ni maji ya vakuoli. Tyubu ikiwa imejaa huwezi kuitenganisha na tairi kwa macho, na ndiyo inayolifanya tairi kuwa gumu. Upepo ukipungua, tyubu inasinyaa peke yake na tairi linabaki na umbo lake.

Sasa swali ambalo linafaa kuulizwa kila anayejifunza kuchora seli: ile nafasi iliyobaki kati ya bonge na ukuta ina nini ndani yake? Wengi hujibu hewa, au hakuna kitu. Ni maji ya chumvi. Ukuta umetengenezwa kwa nyuzi za selulosi zenye matundu, na maji pamoja na chumvi iliyoyeyuka hupita humo bila kizuizi. Utando ndio unaochagua. Unaruhusu maji kupita haraka, lakini chumvi na ile rangi ya zambarau unavizuia. Kwa sababu hiyo maji yametoka kwenda kwenye chumvi, lakini chumvi haikuingia kuifuata rangi. Anayeandika kwenye mchoro wake kwamba ukuta wa seli “hudhibiti vitu vinavyoingia na kutoka” ameupa ukuta kazi ya utando. Kazi ya ukuta ni kushikilia umbo na kuzuia seli isipasuke pale maji yanapoingia kwa wingi. Slaidi moja ya kitunguu inathibitisha yote mawili.

Kazi ya vakuoli nayo inaonekana hapo hapo. Seli iliyojaa maji inasukuma ukuta wake kwa nguvu, na seli elfu nyingi zikisukumana ndiyo jani linasimama. Mchicha uliopangwa kwenye meza ya sokoni saa sita mchana hulegea kwa sababu maji yametoka kwenye vakuoli, na muuzaji anapounyunyizia maji mapema unasimama tena. Akichelewa sana, seli zimekufa, utando umeachia, na hakuna maji yatakayoirudisha hali hiyo. Unaweza kuliona hilo kwenye slaidi pia. Ondoa maji ya chumvi kwa njia ile ile ya tishu, ingiza maji ya kawaida, na bonge litavimba tena hadi kugusa ukuta. Seli ambayo hairudi imekufa.

Na hii ndiyo sababu kipande cha jaribio la chumvi hakitiwi ayodini. Ayodini huua seli, na utando uliokufa hauchagui tena. Ukiitia kisha ukaongeza chumvi, hutaona kitu, utadhani chumvi ilikuwa haba. Ishara ya seli zilizokufa ni kwamba rangi imetapakaa kwenye maji yanayozunguka, au seli zimepauka huku za jirani bado zina rangi. Kitunguu kilichowahi kuganda kwenye friza hufanya hivyo tangu mwanzo. Lakini kama rangi imebaki pale pale ndani ya seli, haijatapakaa wala haijajikunja, basi seli ziko hai na chumvi haijafika. Vuta tena kwa tishu mpya.

Kiini kiangalie kwenye slaidi nyingine. Chukua ngozi ya ndani, ile isiyo na rangi, weka tone moja la ayodini, subiri dakika mbili, angalia kwa mara 400. Kiini kitakuwa kiduara cha manjano iliyoiva kuelekea hudhurungi, chenye doa moja au zaidi ndani yake. Robert Brown alikipa jina mwaka 1831 baada ya kukiona tena na tena kwenye seli za mimea, na tangu hapo ndicho kitu cha kwanza kutafutwa. Angalia mahali kilipo. Kwenye seli nyingi kimebanwa pembeni, kimelala dhidi ya ukuta. Kwenye chache kinaonekana katikati kwa sababu unakiangalia kutoka juu, kimekaa kwenye ukuta wa juu au wa chini. Hakielei ndani ya vakuoli. Kiini daima kimo ndani ya saitoplazimu, kwa hiyo kwenye mchoro lazima mstari wa vakuoli ukizunguke na kukiacha nje. Kosa hili dogo la mstari hubadilisha maana ya mchoro mzima, na marekebisho yake ni kuchora vakuoli mwisho, baada ya kiini.

Ndani ya kiini hicho cha kitunguu kuna kromosomu 16, na ndani ya kiini cha seli ya shavu lako kuna 46. Zote zimebeba DNA, ambayo ni maagizo ya kutengeneza protini. Kiini hakitengenezi protini chenyewe. Kinatoa nakala ya agizo moja na kuipeleka nje, kwenye saitoplazimu.

Kwa seli ya mnyama, shavu linatosha. Yeyusha chumvi kidogo kwanza: gramu 4.5 kwenye chupa ya nusu lita, karibu robo tatu ya kijiko cha chai. Hiyo ni asilimia 0.9, kipimo kile kile kinachoandikwa kwenye dripu ya chumvi hospitalini. Tumia kijiti kipya cha pamba kwa kila mtu, sugua ndani ya shavu kwa upole, paka kwenye tone la maji hayo, weka tone dogo la methilini bluu na ufunike. Kama methilini bluu haipo, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda vya mdomoni inafanya kazi, lakini tone moja lizimuliwe kwa matone 20 ya maji, la sivyo slaidi yote itakuwa zambarau tupu. Vijiti vikishatumika vitumbukizwe kwenye maji yenye jiki, visirudi mezani.

Utakachokiona hakifanani na duara safi la kitabuni. Ni seli bapa zenye kingo zisizo na mpangilio, nyingine zimekunjwa, nyingine zimerundikana, kila moja ina kiini cha bluu iliyokolea karibu na katikati. Kiini kinakaa katikati kwa kuwa hapa hakuna vakuoli kubwa ya kukisukuma pembeni. Saitoplazimu inajaza seli nzima. Hilo ni tofauti kubwa zaidi ya ile ya umbo, na inaonekana kwa mtazamo mmoja.

Mitego miwili ipo hapa. Ukingo uliokunjwa unaonekana kama mistari miwili, na anayeutazama haraka huuchora kama ukuta wa seli. Zungusha skrubu ndogo ya kurekebisha taratibu: mkunjo utabadilika na kupotea, lakini ukuta wa kitunguu ukiuzungushia hivyo hivyo unabaki ulipo kuzunguka seli yote. Mtego wa pili ni vidoadoa vidogo vya bluu vilivyotapakaa juu ya seli. Wanafunzi wenye bidii huviandika “mitokondria” kwa sababu walitarajia kuziona. Ni bakteria wa kawaida wa kinywani. Dalili yake ni kwamba vipo pia nje ya seli, kwenye nafasi tupu, ambako mitokondria haiwezi kuwepo.

Kukosa ukuta si jambo la mchoro tu. Chembe nyekundu ya damu ikiwekwa kwenye maji matupu, maji huingia, utando hunyooka, na kwa kuwa nje yake hakuna kitu cha kuushikilia, inapasuka kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana dripu ya chumvi hupimwa asilimia 0.9 na haijazwi maji matupu. Seli ya kitunguu kwenye maji hayo hayo matupu inajaa, inakuwa ngumu, inaishia hapo. Za shavu haziharibiki haraka kama za damu, maana ni za tabaka la juu na zimezoea msuguano, lakini kipimo cha dripu kinazifanya zibaki na umbo lake.

Bado hatujaona kloroplasti, na kwenye kitunguu hatutaziona. Kile tunachokula ni tabaka za majani zilizokaa gizani ardhini, hazina kazi ya kutengeneza chakula kwa mwanga. Kazi yao ni kukihifadhi. Mchoro wenye kichwa “seli ya kitunguu” na kloroplasti ndani yake ni mchoro wa kitu kisichokuwepo, na unastahili kukosa alama hata kama mistari yake ni mizuri. Kloroplasti zitafute kwenye jani la magugu ya majini, yale wanayoyauza wenye matangi ya samaki wa mapambo, kwa kuwa jani lake ni jembamba sana na halihitaji kukatwa. Kwa mara 400 utaona chembe za kijani zilizopangwa pembeni mwa kila seli. Zimepangwa pembeni kwa sababu ile ile tuliyoiona kwenye kiini: katikati pamechukuliwa na vakuoli. Jani likikaa chini ya mwanga kwa dakika chache, mara nyingi chembe hizo huanza kutembea, zikifuatana ukingoni kuizunguka seli. Hazitembei zenyewe. Zinabebwa na saitoplazimu inayotiririka, na huo ni wakati ambapo saitoplazimu ya mmea hujionyesha wazi bila dawa.

Kloroplasti hutumia mwanga, maji na kaboni dioksaidi kutengeneza sukari. Hapo ndipo lilipozaliwa kosa moja sugu sana: kwamba mmea una kloroplasti *badala ya* mitokondria. Mmea una vyote viwili. Sukari ikishatengenezwa bado haijawa nishati ambayo seli inaweza kuitumia. Lazima ivunjwevunjwe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika ndani ya mitokondria, mchana na usiku. Mzizi wa mchicha hauna kloroplasti, lakini una mitokondria tele, la sivyo usingeweza kufyonza chumvichumvi za udongo. Kwa hiyo kwenye michoro yote miwili mitokondria zichorwe, ndogo kuliko kloroplasti, na kwenye wa mmea ziwekwe ndani ya lile tabaka jembamba la saitoplazimu.

Oganeli nyingine, yaani sehemu ndogo za ndani ya seli zenye kazi maalumu, zinaeleweka vizuri zaidi zikifuatwa kwenye safari ya kitu kimoja kuliko zikiorodheshwa. Chukua seli ya kongosho inayotengeneza insulini. Agizo linatoka kwenye kiini kupitia matundu ya utando wake. Linapokelewa na ribosomu, ambazo huunganisha asidi amino moja baada ya nyingine kufuata agizo hilo. Ribosomu hizi zimeshikamana na retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa mifuko bapa inayoanzia kwenye utando wa kiini, na protini inayotengenezwa inaingia moja kwa moja ndani ya mifuko hiyo na kukunjwa. Kutoka hapo inasafirishwa ndani ya vifuko vidogo hadi kwenye mwili wa Golgi, ambako hupangwa na kufungwa kwenye vifuko vipya. Vifuko hivyo husubiri karibu na utando wa seli, na sukari ikipanda kwenye damu huungana na utando na kumwaga insulini nje. Kila hatua inalipiwa na mitokondria. Ukiuchora mtiririko huu, mahali pa kila kitu panajieleza: retikulamu ikae karibu na kiini, Golgi kati yake na utando, vifuko ukingoni. Wanaozitawanya popote penye nafasi wamechora majina, hawajachora kazi.

Seli ya mmea ina mtiririko huo huo, ila Golgi yake hutengeneza pia baadhi ya malighafi za ukuta. Sentrioli, zile fimbo mbili ndogo karibu na kiini, ziwekwe kwa mnyama tu. Mimea inayotoa maua haina. Lisosomu, vifuko vya kumeng’enya taka za seli, huwekwa kwa mnyama, na kwa mmea kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanywa na vakuoli. Na usiandike kwamba mnyama “hana vakuoli”. Zipo ndogo, za muda. Kinachokosekana ni ile moja kubwa ya kudumu.

Sasa kuchora kwenyewe. Penseli ya HB iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, bila kupaka kivuli. Ukuta wa mmea uwe mistari miwili sambamba, na utando uwe mstari wa tatu kwa ndani, karibu kabisa lakini usioungana nao. Mistari ya majina ipigwe kwa rula, isipishane, isiwe na vichwa vya mshale, na ncha yake iguse kitu chenyewe. Ncha ya “saitoplazimu” ikiishia katikati ya seli ya mmea, imegusa vakuoli, na jina limekuwa si sahihi.

Ukuzaji unaoandikwa chini ya mchoro si ule wa hadubini. Ni urefu wa mchoro wako ukigawanywa kwa urefu halisi wa seli. Weka rula inayopitisha mwanga chini ya lenzi ndogo ya mara 4 upime upana wa duara unaloliona. Tuseme ni milimita 4.5. Ukihamia lenzi ya mara 10, ambayo pamoja na lenzi ya jicho ya mara 10 ndiyo inayotoa ukuzaji wa mara 100, upana unapungua kwa uwiano wa lenzi hizo mbili za chini, yaani 4.5 mara 4 gawanya kwa 10, sawa na milimita 1.8. Ukihesabu seli 6 za kitunguu zimejipanga kwa urefu kutoka ukingo hadi ukingo, kila moja ina milimita 0.3. Mchoro wako ukiwa na milimita 120, basi 120 gawanya kwa 0.3 ni 400, na unaandika × 400, hata kama ulikuwa ukiangalia kwa mara 100.

Seli ya shavu ina milimita 0.06 hivi. Kwa ukuzaji huo huo wa × 400 ingekuwa na milimita 24 tu karibu na kitunguu cha milimita 120, tofauti ambayo mchoro wa ukutani huificha kwa kuzipa zote ukubwa mmoja. Ukitaka nafasi ya kuandika majina, ikuze hadi milimita 60 na uandike × 1000 chini yake, kila mchoro na namba yake. Kloroplasti ya milimita 0.005 kwenye × 400 inapata milimita 2, kwa hiyo inachoreka. Mitokondria yenye upana wa milimita 0.0005 inapata milimita 0.2, nyembamba kuliko mstari wa penseli. Ribosomu ni ndogo mara 20 kuliko hapo. Ukiziweka hizo mbili, mchoro umeacha kuwa wa kipimo, na sehemu ya namba ya ukuzaji iandikwe “muhtasari, si kwa kipimo”.